Kamera Haioni Huzuni: Neno kwa Wanaoandika Skripti Hapa Chuoni

Soma sentensi hii: "Mama Neema anaingia dukani. Ni mjane wa miaka mitatu, na tangu mumewe afe kwa ajali ya roli pale Nyakanazi hajawahi kuwa na furaha."

Sasa jifanye wewe ndo kameramani. Umeshika kamera, betri imebaki nusu, jua linazama na dairekta anakuuliza kama uko tayari. Utapiga nini? Utampiga mwanamke anaingia dukani. Basi. Ujane hauna sura. Miaka mitatu haiingii kwenye lenzi. Ajali ya Nyakanazi haipo pale dukani. Ukimaliza kupiga, kwenye skripti mlikuwa na msiba mzima, ila kwenye kadi ya kamera mna mteja mmoja kaja kununua sukari.

Sentensi hiyo nimeitunga, lakini nduguze wamejaa kwenye skripti tunazopitishana hapa chuoni kila msimu wa filamu fupi. Msimamo wangu ni kwamba kila sentensi ya matendo kwenye skripti, yaani ile isiyo mazungumzo ya wahusika, lazima ieleze kitu ambacho kamera inaweza kukiona au maiki inaweza kukisikia. Isipofanya hivyo, ifutwe au igeuzwe. Wapo wanaoona huu ni ukali wa Wazungu wa Holiwudi usiotuhusu. Mimi naona unatuhusu sana, na nitatumia habari ya kwetu Ngara na Biharamulo kueleza kwa nini.

Tuanze na skripti yenyewe ni kitu gani. Msomaji wa riwaya anasoma ukurasa, na ukurasa ndo kazi yenyewe. Skripti haisomwi na mtazamaji hata siku moja. Inasomwa na watu wa kazi: kameramani, mtu wa mavazi, mtu wa vifaa, mwigizaji, na yule anayehesabu nauli na chakula. Inasomwa pia na Bodi ya Filamu, kwa sababu Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 inataka uombe kibali kabla ya kupiga picha, na maombi hayo huenda pamoja na mswada. Kila mmoja wao anatafuta sentensi inayomhusu. Ukiandika "amevaa koti la kiume linalompwaya", mtu wa mavazi anajua la kufanya. Ukiandika "bado anampenda marehemu", kila mmoja anadhani inamhusu mwenzake, mwisho haimhusu yeyote.

Shimo lile halikai wazi. Siku ya kuhariri mnagundua kuwa mtazamaji hataelewa chochote, ndo mnaanza kuziba. Mnaweka sauti ya kusimulia juu ya picha. Au mnamrudisha mwigizaji aongee peke yake mbele ya kioo, "Ee Mungu, tangu mume wangu afariki pale Nyakanazi..." Au mnamwaga kinanda cha majonzi dakika mbili. Bongo Muvi tumezicheka sana kwa mambo haya, lakini hayaanzii kwa mwigizaji wala kwa mhariri. Yanaanzia kwenye sentensi ambayo haikuwa na picha.

Kwa nini tunaandika hivi? Nadhani ni kwa sababu shuleni tumefunzwa fasihi ya kusomwa. Kwenye insha tulipewa alama kwa kusema hali ya moyo. Kwenye riwaya mwandishi ana ruhusa ya kuingia kichwani mwa mhusika na kukaa humo kurasa nzima, na hiyo ni haki yake. Wengi wetu tulisoma Vuta N'kuvute ya Shafi Adam Shafi kidato cha tano na sita. Riwaya ile ilitoka mwaka 1999, na Amil Shivji akaitengeneza filamu iliyooneshwa kwa mara ya kwanza mwaka 2021. Anayetoa filamu kwenye kitabu cha namna ile hawezi kubeba mawazo ya Yasmini na kuyabandika kwenye skrini. Inabidi kila wazo apate mlango, kitambaa, mtaa, mwanga, au uso uliogeuzwa. Sisi tunaruka hatua hiyo. Tunaandika riwaya fupi, tunaipanga kwa mtindo wa skripti, halafu tunashangaa.

Kiswahili nacho kina mitego yake, na hii sijaona ikielezwa kwenye miongozo ya kuandika skripti, maana mingi imeandikwa kwa Kiingereza. Mitego hiyo imo kwenye viambishi vya njeo tulivyovikariri tangu shule ya msingi.

Kiambishi -na- ni rafiki wa kamera. Anafungua. Anakimbia. Anamimina. Ila usidanganyike, maana "anafikiri", "anakumbuka" na "anatamani" navyo vina -na-, lakini havionekani.

Kiambishi -me- ndo kina ujanja. "Amekaa", "amelala", "amelowa", "amebeba" vinaonekana, ingawa tendo limeshapita, kwa sababu hali yake ingali mwilini. Lakini "amefiwa", "amesafiri", "amefeli" navyo vimeandikwa vilevile, na kamera haivioni. Kipimo changu ni swali moja: je, alama ya tendo bado ipo mwilini au kwenye kitu? Kama ipo, acha sentensi. Kama haipo, tafuta alama. Mtu "amesafiri usiku kucha" haonekani. Ila mtu mwenye vumbi jekundu hadi kwenye nyusi, na alama ya mshono wa kiti shavuni, anaonekana, na mtazamaji mwenyewe atasema, huyu kalala kwenye basi.

Kiambishi hu- ni adui mkubwa. "Mzee huja hapa kila Jumamosi." Kamera ina Jumamosi moja tu, ile mnayopiga. Mazoea hayapigiki picha, lakini athari zake zinapigika. Mzee anasukuma mlango wa mgahawa, na kabla hajafungua mdomo mhudumu ameshaweka kikombe na vitumbua viwili kwenye meza ya pembeni. Umesema "kila Jumamosi" bila kusema.

Ukanushi nao uangalie. "Hajibu" inafanya kazi endapo mtu ameuliza swali, maana mtazamaji anasubiri jibu na anaona halikuja. Lakini "hajali", "hana ndugu", "hajawahi kufika mjini" ni maneno ya risala.

Mwisho kuna kirejeshi amba-, ambacho ndicho kichochoro cha kupitishia magendo. "Anaingia Bwana Zakaria, ambaye alifukuzwa kazi mwaka jana." Nusu ya kwanza ni picha, nusu ya pili ni taarifa iliyojificha mgongoni mwake. Ukiona amba- kwenye mstari wa matendo, simamisha gari ukague mzigo.

Kuna na jambo la a- na m-. Kiswahili hakitofautishi mwanamume na mwanamke kwenye viambishi. Ukiandika "Anampa, anamkatalia, anamrudishia", msomaji keshapotea, hajui mkono gani umeshika kitu. Rudia majina bila aibu. Kwenye insha kurudia jina ni udhaifu. Kwenye skripti ni kumsaidia kameramani ajue amwelekee nani.

Sasa tufanye kazi yenyewe. Kwetu Ngara ukikaa na wazee, hasa upande wa Rusumo na Benako, hadithi inayorudi ni ya Aprili 1994. Kuanzia tarehe 28 mwezi ule, watu zaidi ya laki mbili walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kwa muda wa kama siku moja hivi. Ndo maana vijana wengi wa huku wakipewa kamera, kitu cha kwanza wanachotaka kukitengenezea filamu ni hicho. Nami nimeandika sini moja ya majaribio, kwa namna mbili. Namna ya kwanza nimeiandika makusudi kama zinavyoandikwa nyingi:

NJE. BARABARA YA RUSUMO, NGARA – MCHANA

Ni Aprili 1994. Watu zaidi ya laki mbili wamevuka mpaka kwa siku moja. Huzuni imetanda kila mahali. ROZA, mwalimu aliyekuwa na maisha mazuri kule Kibungo, haamini kilichompata. Amempoteza mumewe. ASKARI anawaonea huruma wakimbizi lakini lazima afuate amri ya kukusanya silaha. Roza anakumbuka nyumbani.

Isome tena ukiwa na kamera mkononi. Sentensi saba, na kinachopigika ni mwanamke na askari, basi. Tuzichukue moja moja.

"Ni Aprili 1994." Mwaka hauonekani, lakini dawa yake ni rahisi: maandishi kwenye skrini. Hiyo ni njia halali, ila iseme wazi kwenye skripti kuwa ni maandishi, ili mhariri ajue ni kazi yake. Usitumie njia hiyo kwa kila kitu, maana filamu itageuka kuwa ubao wa matangazo.

"Watu zaidi ya laki mbili." Idadi kama hiyo hata ungekuwa na hela usingeiona. Aliyesimama kando ya barabara siku ile hakuona laki mbili. Aliona waliokuwa mbele yake, wakaendelea kupita, na hawakuisha. Kwa hiyo kinachopaswa kuandikwa ni kutokuisha. Weka kamera chini kabisa, iangalie miguu inayopita kwenye lami kuelekea upande mmoja. Hapo una faida nyingine: watu tisa wanatosha. Wakipita mbele ya lenzi wanazunguka nyuma ya kamera, wanabadilishana kandambili na vitenge, wanapita tena. Na hamhitaji daraja lenyewe. Daraja la sasa la Rusumo limejengwa miaka ya karibuni na si lile la 1994, tena mpakani hamtapewa nafasi ya kucheza na kamera bila vibali. Kipande chochote cha lami chenye majani kando kinatosha. Sentensi inayoonekana imewapunguzia gharama.

"Huzuni imetanda." Hii futa. Huzuni ni kazi ya mtazamaji, atailipia mwenyewe.

"Mwalimu aliyekuwa na maisha mazuri kule Kibungo." Ualimu na maisha mazuri ni historia. Je, kuna alama yake mwilini? Viatu. Mtu aliyetoka mbio na viatu vya kazini havai kandambili, anavaa viatu vya ngozi vyenye kisigino, na baada ya kutembea mbali kisigino kimoja kimeng'oka. Kibungo hatuna namna ya kuionesha, na nakushauri uiache. Ikihitajika sana, mtu atamwuliza katoka wapi, naye atajibu. Mazungumzo yapo kwa kazi hiyo.

"Amempoteza mumewe" na "anakumbuka nyumbani." Tafuta kitu kimoja kibebe yote mawili. Mimi nimechagua funguo. Mtu aliyefunga nyumba yake akaondoka anabeba funguo, hata kama hatarudi.

"Askari anawaonea huruma lakini lazima afuate amri." Hapa kuna mambo mawili yanayogombana, na mgogoro unapigika kama tendo. Tunajua kuwa waliovuka Rusumo walitakiwa kuacha silaha mpakani, na picha za waandishi wa habari za mwaka ule zinaonesha marundo ya mapanga. Kwa hiyo amri ipo, na ina sura: rundo. Kilichobaki ni askari kufanya kitu ambacho amri haimruhusu, kidogo tu, mbele ya kamera.

Namna ya pili ikawa hivi:

NJE. BARABARA YA LAMI – MCHANA

Maandishi kwenye skrini: NGARA, APRILI 1994.

Miguu inapita kwenye lami, karibu sana na kamera. Mingi iko peku. Yote inaelekea upande mmoja. Mlio wa kandambili, mtoto anakohoa.

Kando ya lami, rundo la mapanga linamfika ASKARI magotini. Mkono unatupa panga juu ya rundo. Mkono mwingine unatupa jingine.

ROZA, miaka 35, anasimama mbele ya Askari. Viatu vya ngozi, kimoja hakina kisigino. Mtoto amelala mgongoni. Roza anatua kikapu.

Askari anainua kitambaa kilichofunika kikapu. Anatoa kisu kidogo cha jikoni chenye utomvu mkavu wa ndizi. Anakitazama. Anatazama rundo.

Nyuma yake, SAJENTI anahesabu watu kwa kidole, kawapa mgongo.

Askari anarudisha kisu chini ya kitambaa. Kwenye kitambaa kuna funguo tatu zimefungwa kwa uzi. Askari anazishika, anazipima uzito kiganjani, anazirudisha.

Roza anainua kikapu. Anajiunga na miguu.

Sini hii haina neno huruma, haina huzuni, haina kumbukumbu. Lakini mpe mtu yeyote aliyewahi kuhama kwao aisome, halafu mwulize funguo ni za nini. Itamchukua chini ya dakika moja kusoma, na itachukua kama dakika moja kwenye skrini. Hiyo nayo ni faida ya kuandika kinachoonekana: watu wa filamu hukadiria ukurasa mmoja kwa dakika moja, na makadirio hayo yanashika pale tu sentensi zinapokuwa matendo. Ukiandika "miaka inapita na jeraha halijapona", hakuna anayejua hiyo ni sekunde ngapi.

Kuna sababu nyingine iliyonifanya nichague sini hii, na kwangu ndiyo nzito zaidi. Waliovuka Rusumo mwishoni mwa Aprili 1994, wengi wao walikuwa Wahutu waliokimbia jeshi la RPF lililokuwa linasonga mbele, na miongoni mwao walikuwemo walioshiriki mauaji ya kimbari. Mwanakijiji wa Ngara aliyesimama kando ya barabara hakuweza kuwatenganisha. Aliona mama na mtoto, aliona kijana na panga, aliona panga linaanguka juu ya mengine. Ukiandika "wakimbizi wasio na hatia", umewatolea hukumu watu laki mbili kwa neno moja. Ukiandika "wauaji wanajificha kati ya wakimbizi", umetoa hukumu nyingine, na kameramani wako atakuuliza, muuaji ni yupi, nimpige uso? Mkono unaotupa panga kwenye rundo hausemi panga lile lilikuwa la shamba au la kitu kingine. Mtazamaji anabaki na swali, kama wazee wetu walivyobaki nalo. Sentensi ya kuonekana inamzuia mwandishi asidai kujua asichokijua. Kwa habari kama hii, hiyo ni adabu, si ufundi tu.

Najua pingamizi zinazokuja. Ya kwanza: mwigizaji atajuaje Roza anahisi nini kama hujaandika? Atajua kwa sababu umempa kazi ya mikono, na mwigizaji mwenye kazi ya mikono ni rahisi kumwamini kuliko aliyeambiwa ahuzunike. Historia ya Roza iandike, ndiyo, hata kurasa tatu, lakini kwenye karatasi nyingine, muijadili siku ya mazoezi. Hakuna aliyekukataza kuijua. Unakatazwa kuificha kwenye mstari wa matendo.

Ya pili: je, hakuna ruhusa kabisa? Ipo, kidogo. Umri wa mhusika hauonekani kwa namba, lakini unaandikwa kwa sababu unasaidia kumpata mwigizaji. Jina pia. Na ukisema mtu "anashika jembe kama aliyelizoea", sawa, kwa sababu mkono uliozoea jembe unaonekana kweli. Muulize mkulima yeyote wa Biharamulo akuoneshe mkono usiolizoea.

Ya tatu ni hatari ya upande wa pili. Wapo wanaoelewa kanuni hii halafu wanaandika kila kope: "Anainua nyusi ya kushoto, anameza mate, anavuta pumzi, anageuza shingo kidogo kulia." Vyote vinaonekana, lakini umemfunga mwigizaji kamba na umemnyang'anya dairekta kazi. Kwenye sini ya Roza kuna utomvu wa ndizi kwenye kisu kwa sababu ndio unaomwambia Askari kuwa hiki ni cha jikoni. Rangi ya kitambaa sijaitaja, maana haina kazi. Kinachoonekana kinaingia pale tu kinapobadilisha kitu.

Utajuaje skripti yako ina ugonjwa? Njia niliyoipenda nimeipata darasani. Nilipokuwa kwenye mazoezi ya kufundisha katika shule moja ya sekondari wilayani Biharamulo, kidato cha tatu walikuwa wakiandaa igizo la safari ya zamani. Wasafiri wa miaka ile wanakumbuka jinsi mabasi ya huku yalivyosindikizwa na polisi wenye bunduki kwenye mapori, kwa hofu ya majambazi. Wanafunzi walikuwa wameandika, "Abiria wana hofu kubwa kwa sababu njia hii ina majambazi." Nikawapanga kwenye viti viwili viwili kama basi, nikasoma sentensi yao polepole, nikawaambia watende ninachosoma, si zaidi. Wakakaa. Wakanitazama. Mmoja akasema, "Mwalimu, hapa tunafanya nini sasa?"

Nikawaambia wakawaulize wazazi watu walifanya nini kwenye basi. Kesho yake wakaja na sentensi nyingine: polisi anapanda, dereva anamwachia kiti cha mbele. Mama anakunja noti na kuiingiza kwenye nepi ya mtoto. Mwanamume anavua saa na kuisukumia ndani ya soksi. Kondakta anafunga mapazia. Nikasoma, wakatenda, na hakuna aliyeniuliza kitu. Darasa zima likanyamaza lilipoona ile noti.

Fanyeni hivyo na skripti zenu kabla ya kuomba kamera ya idara. Mtu mmoja asome mistari ya matendo tu, bila mazungumzo. Wengine wawili ambao hawajawahi kuisoma watende. Kila wanaposimama na kukutazama, weka alama kwa peni. Usibishane nao, usiwaeleze ulikuwa unamaanisha nini, kwa sababu siku filamu ikioneshwa hutakuwepo kwenye kila kiti kumweleza mtazamaji. Halafu rudi kwenye alama zako, moja baada ya nyingine, na uulize: ningekuwa pale, ningeona nini?

Jibu la swali hilo kwa habari ya Rusumo mimi na wewe hatulijui. Hatukuwepo. Wanalijua wazee waliosimama kando ya barabara, na umri unawatupa mkono. Ukiwaendea usiwaulize walijisikiaje. Waulize watu walibeba nini, walivaa nini miguuni, mbuzi walifungwa wapi, ni mti gani ulikatwa kwanza kwa ajili ya kuni. Waandike hivyo hivyo walivyosema. Hapo skripti itakuwa imeanza kujiandika.